Na Kwenye Ncha, Je?

Mara ya kwanza nilipoisikia ile sauti nilikuwa nimeligeuzia darasa mgongo, nikiandika ubaoni, na sikushtuka hata kidogo. Mwalimu akiulizwa swali zuri hufurahi kwanza. Hofu ilikuja baadaye.

Chuo chetu kiko juu ya kilima, kando ya barabara inayotoka Kericho kwenda Bomet, na chai imekizunguka pande zote. Mimi ni mtoto wa hiyo chai. Baba yangu alitoka kwetu upande wa ziwa akaja kufanya kazi kiwandani, na mimi nikazaliwa kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, nikasoma, nikaenda Nairobi, nikarudi na shahada mbili za hesabu kufundisha karibu na pale nilipojifunzia kutembea. Kwa hiyo ukungu haukuwa mgeni kwangu. Nilijua kwamba alasiri unaweza kupanda kutoka bondeni ukaingia ndani ya nyumba kama mtu wa nyumbani, bila kubisha.

Chumba nilichopewa kufundishia kilikuwa cha mwisho kabisa, kirefu, chenye madirisha ya vioo vya kupachika ambavyo vingine havikufunga sawasawa. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kipande cha shamba ambacho hakikuwa kimechumwa kwa muda mrefu. Chai ikiachwa hukumbuka kwamba ni mti. Michai ile ilikuwa imepita urefu wa mtu, matawi yamesukana, na ukisimama dirishani hukuweza kuona hata hatua chache mbele.

Siku hiyo mvua ya mawe ilikuwa imepiga asubuhi, majani yamechanika kila mahali na stima imepotea. Projekta haikuwaka. Nikachukua chaki.

Somo lilikuwa mifululizo ya vipeo. Wanafunzi wangu walikuwa wa mwaka wa pili, wengi wao wakijiandaa kuwa walimu wa sekondari, na nilipenda kuwaeleza mambo kwa maneno ya kawaida kabla ya alama. Niliwaambia mfululizo wa vipeo ni jumla isiyo na mwisho: namba, halafu x mara namba nyingine, halafu x mraba mara nyingine, na kuendelea. Ukiweka x iliyo karibu na sifuri, jumla hiyo hutulia, inasogelea namba moja na kukaa hapo. Ukiivuta x mbali mno, jumla haitulii kamwe. Umbali kutoka sifuri hadi pale mambo yanapogeuka ndio tunaouita radiasi.

Nikaandika ubaoni:

x + x²/4 + x³/9 + x⁴/16 + …

"Radiasi ya huu ni moja," nikasema. "Sasa tunataka kuudiferenshieti, yaani kutafuta kasi ya kubadilika kwake. Habari njema ni kwamba ndani ya radiasi tunaruhusiwa kwenda kipande kwa kipande, kana kwamba ni polinomia ya kawaida. Kila kipande unakishughulikia peke yake, halafu unajumlisha. Na kuintegreti, yaani kurudi kinyume, ni vivyo hivyo. Na radiasi haibadiliki. Ilikuwa moja, inabaki moja."

Nyuma yangu, kutoka mwisho wa chumba, sauti ya mwanamume ikasema, polepole na kwa adabu, "Na kwenye ncha, je?"

Ilikuwa sauti ya mtu mzima. Matamshi yalikuwa ya mwenyeji wa huku, zile herufi zinazolainika na kugandana. Nikajibu bila kugeuka.

"Swali zuri sana. Radiasi inatuambia habari za ndani na za nje. Kwenye ncha zenyewe, pale x ikiwa moja kamili au hasi moja kamili, haituahidi chochote. Lazima tuangalie kwa macho yetu."

Nikaangalia nao. Kwenye moja, mfululizo wetu unakuwa moja, robo, moja ya tisa, moja ya kumi na sita, na jumla hiyo inatulia. Kwenye hasi moja pia inatulia. Ncha zote mbili ziko ndani. Halafu nikaudiferenshieti, kipande kwa kipande:

1 + x/2 + x²/3 + x³/4 + …

Kwenye hasi moja, moja toa nusu ongeza theluthi toa robo, bado inatulia. Lakini kwenye moja inakuwa moja na nusu na theluthi na robo, zote za kuongeza, na hiyo jumla hupanda taratibu bila kukoma. Ncha ya kulia imepotea. Radiasi ni ile ile, ila mlango mmoja umefungwa.

"Nani ameuliza?" nikasema, nikigeuka na kupangusa vidole.

Hakuna aliyeinua mkono. Kiranja wa darasa, msichana wa Boito aliyekaa mbele kila siku akiwa amejifunga shuka mabegani, akanitazama kwa mashaka.

"Madam, sisi tulidhani umejiuliza mwenyewe."

"Mimi nina sauti ya kiume?"

Wakacheka kidogo, halafu wakaacha. Viti vya mwisho vilikuwa vitupu. Ukungu ulikuwa umepita kwenye vioo visivyofunga na kukaa pale nyuma, umefunika madawati mawili ya mwisho hadi nusu.

Wiki iliyofuata nilimwita kijana mmoja ubaoni. Nilimpa mfululizo 1 − x + x² − x³ na kuendelea, aintegreti. Alifanya vizuri, akapata x − x²/2 + x³/3 − x⁴/4, akasema radiasi ni moja kama mwanzo, na akaandika kwamba x iko kati ya hasi moja na moja, ncha zote mbili zikiwa nje. Alikuwa akipiga mstari wa chini wa kumaliza jibu.

"Ncha ya kulia imepatikana," ile sauti ikasema. "Mbona umeiacha?"

Chaki ilimdondoka. Safari hii nilikuwa nimekaa pembeni nikilitazama darasa lote, na niliona nyuso zao zote. Hakuna mdomo uliosogea. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba sauti ilikuwa sahihi. Mfululizo wa mwanzo ulikuwa umekosa ncha zote mbili, lakini baada ya kuintegreti kila kipande kimegawanywa kwa namba inayokua, kwa hiyo kwenye moja jumla sasa inatulia. Upande wa kushoto bado haukubali. Jibu lilihitaji ncha ya kulia, na kijana alikuwa ameiacha nje.

"Rekebisha," nilimwambia, kwa sababu sikujua la kusema lingine. Akaokota chaki, akarekebisha.

Nikatoka nje, nikazunguka ukuta. Hakukuwa na mtu. Chai ilikuwa imesimama kimya, majani yakidondosha maji. Nilimwuliza askari wa lango kama amemwona mtu akipita upande ule, akaniambia hapo hakuna njia, labda mnyama.

Baada ya hapo hakuna mwanafunzi aliyekubali kukaa nyuma. Walijibana mbele, wawili wawili kwenye dawati la mmoja. Mmoja wao, kiongozi wa ushirika wa maombi, aliniomba ruhusa aombe kabla ya kipindi. Nikakubali. Aliomba kwa bidii, darasa zima likasema amina, na dakika chache baadaye, niliposahau kwa makusudi au bila makusudi kutaja ncha, sauti ikauliza tena. Haikuwahi kusema jambo lingine. Haikusalimu wala kulalamika, na haikuwahi kukosea.

Nilimweleza mkuu wa idara, mama wa makamo aliyekuwa pale tangu chuo kikiwa na vyumba vichache. Nilitarajia anicheke. Badala yake aliweka kalamu chini.

"Inauliza habari ya ncha?"

"Hiyo tu."

"Mwalimu aliyekuwa hapo kabla yako alikuwa hivyo. Ukisahau ncha kwenye mtihani alikuwa anakukata alama zote. Wanafunzi walimwogopa kama moto."

Nikauliza, "Alikufa lini?"

"Nani kasema alikufa?" Akacheka. "Yuko hapo chini, ng'ambo ya kijito. Ana chai yake na ng'ombe wawili watatu. Alistaafu, halafu kichwa kikaanza kumtoka. Amesahau watu. Mkewe alishatangulia, sasa anatunzwa na binti yake. Nadhani anapanda huku juu kwa njia zake."

Sijui nikueleze vipi nilivyopumua siku hiyo. Niliwaambia wanafunzi, nao wakapumua, na wengine wakaanza kusema kwamba walijua tangu mwanzo. Nilipanga kwenda kumwona mzee. Wiki ikapita na kazi zake, na nyingine ikaja.

Binti yake ndiye aliyekuja kwangu. Ilikuwa alasiri, kipindi kimeanza tu, ukungu mzito kuliko siku zote. Mlango ukafunguka akaingia mwanamke wa rika langu, gambuti zimejaa matope, leso kichwani imelowa.

"Samahani mwalimu, nimewakatiza. Baba yangu hajapita hapa?"

"Leo hatujamsikia."

Alinitazama. "Hamjamsikia?"

"Huwa anakuja dirishani. Anatuuliza maswali."

Alisema mzee alitoka baada ya chai ya saa nne, akiwa na shati jepesi na viatu vya ndani. Tangu hapo wamemtafuta yeye na majirani, wamefika mpaka kituo cha kununulia majani, hawajaona kitu. Na mvua ilikuwa njiani.

"Tutoke wote," nikasema. "Tumwite."

"Usimwite!" Alinishika mkono. "Ukimwita anajificha. Hajui tena jina lake. Akisikia watu wanapiga kelele anafikiri wanamtafuta mtu mbaya, analala chini ya chai mpaka wapite. Juzi jirani alimpita karibu hivi, hakumwona."

Nilitazama madirisha, na nje hakukuwa na kitu ila weupe. Shamba lile kubwa, michai mirefu, mtu asiyejibu jina. Tungeweza kupita juu yake mara kumi.

Wazo lilinijia kwa aibu kidogo, kama mtu anayefikiria mzaha msibani. Nikamwuliza, "Hesabu bado anajua?"

"Hiyo ndiyo imebaki," alisema. "Mimi ananiita mama. Lakini hesabu anajua."

Niliwapanga wanafunzi. Kiranja akachukua kundi moja likasimama kwenye ukingo wa chai upande wa kushoto, ule unaoteremka kuelekea kijito. Kundi lingine likaenda kulia, upande wa miti ya mibluegamu. Niliwakataza kuita, wala kuongea. Waliobaki nilitoka nao nje, tukasimama kwenye nyasi nyuma ya ukuta, tukiutazama ukungu kama tunavyotazama ubao. Binti wa mzee alisimama karibu nami akiwa amekunja mikono kifuani.

Nikaanza kufundisha. Nilitumia ile sauti yangu ya darasani, ya kufika viti vya nyuma.

"Tuna mfululizo. x, ongeza x mraba juu ya nne, ongeza x kwa kipeo cha tatu juu ya tisa. Radiasi yake ni moja. Ncha zote mbili ziko ndani. Tunaudiferenshieti kipande kwa kipande. Kipande cha kila kipeo kinazidishwa kwa namba ya kipeo chake. Kwa nini radiasi haibadiliki? Kwa sababu ndani ya radiasi vipeo vya x vinapungua kwa kasi, na kuzidisha kwa moja, mbili, tatu, nne hakuwezi kuvishinda mbio."

Nikanyamaza. Maji yalidondoka kutoka kwenye majani. Hakuna kilichosema kitu. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na mtu anayesikia kweli hana sababu ya kuinua mkono.

Basi nikasema uongo.

"Kwa hiyo," nikasema kwa sauti kubwa zaidi, "ukidiferenshieti hakuna kinachobadilika. Radiasi ni ile ile, na ncha zote mbili zinabaki ndani."

Wanafunzi walio karibu nami walinigeukia. Niliwaashiria warudie. Wakasita, halafu wakasema pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza, "Ncha zote mbili zinabaki ndani." Tukarudia tena. Vijana na wasichana thelathini hivi, wamesimama kwenye baridi, wakiuimbia ukungu jambo ambalo wote walijua si kweli. Kulikuwa na kitu kibaya katika kule kukubaliana kwetu.

"Hapana."

Neno lilitoka kulia, juu, upande wa mibluegamu. Lilikuwa wazi kabisa. Binti wa mzee akanishika bega.

"Ni yeye?" nikanong'ona.

"Ni sauti yake."

"Ncha zote mbili zinabaki ndani!" nikapaza.

"Haitulii hiyo!" Safari hii lilitoka kushoto, chini kabisa, kuelekea kijito, na lilikuwa na hasira na kikohozi. "Moja na nusu na theluthi na robo! Inakwenda wapi hiyo? Nani amesema inatulia?"

Kati ya neno la kwanza na la pili hapakupita muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Sikufikiri juu ya hilo wakati ule. Nilisikia kundi la kiranja likivunja matawi kuteremka, nikakimbia kuwafuata.

Tulimkuta kwenye mtaro kati ya mistari ya chai, amekaa, miguu imezama kwenye maji ya matope, mguu mmoja umevimba kiasi kwamba kiatu kilikuwa kimepasuka. Alikuwa mzee mwembamba mwenye paji la uso pana. Midomo ilikuwa ya kijivu kwa baridi. Alipotuona hakujaribu kujificha. Hasira ilikuwa imeshinda hofu ya kuonekana.

"Wewe ndiye unayefundisha?" akaniuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Umesema ncha zote mbili."

"Nimekosea, mwalimu. Naomba unisahihishe."

"Ya kushoto inabaki," akasema, akiinua kidole. "Kwa sababu ya alama zinazopishana. Ya kulia inaondoka. Ukidiferenshieti mara ya pili, hata ya kushoto inaondoka, kwa sababu vipande vyenyewe havipungui tena. Radiasi?"

"Moja."

"Moja. Siku zote moja." Halafu akawatazama wanafunzi waliokuwa wamemzunguka, mmoja mmoja, na uso wake ukalegea. "Mmelowa," akasema. "Ingieni darasani."

Walimvua shati lililolowa, wakamfunika jaketi zao na shuka ya kiranja, wakambeba kwa zamu hadi nyumbani ng'ambo ya kijito. Mvua ilitukuta mlangoni.

Kundi lililokwenda kulia lilifika nyuma yetu. Walikuwa wamenyamaza kwa namna iliyonifanya nihesabu kama wote wamerudi. Walikuwa wamerudi. Msichana mmoja alinivuta pembeni.

"Madam, yule mzee tulimsikia mbele yetu kabisa. Aliposema hapana. Nilinyosha mkono nikadhani nitamgusa."

"Ulimwona?"

"Kulikuwa na chai tu. Lakini majani yote yalikuwa na umande, ila pale mahali pamoja. Pale yalikuwa makavu, kama mtu ameyafuta kwa mgongo."

Nilimwambia ukungu hubeba sauti, bonde huirudisha, mtu hukosea upande. Hayo yote ni kweli na nimeyasoma. Alinisikiliza kwa heshima.

Jikoni moto ulikuwa mkubwa. Mzee alikaa karibu nao amefungwa blanketi, akinywa chai ya maziwa, haonekani kukumbuka chochote. Binti alianza kukanda mguu wake kwa maji ya moto. Nikamwomba radhi kwa kutokuja mapema.

"Ningekuja kukuambia alipoanza kuja darasani. Tangu mwanzo wa muhula anatuuliza maswali pale nyuma."

Aliendelea kukanda. "Mwanzo wa muhula gani?"

"Huu. Mara ya kwanza ilikuwa siku ya mvua ya mawe, ile iliyochana majani."

Mikono yake ikasimama ndani ya beseni.

"Siku ya mawe tulikuwa hospitali Kericho," akasema. "Alikuwa amelazwa kwa huu mguu. Mimi nililala naye huko kwenye kiti. Mawe yalipiga bati la wodi mpaka akalia. Tulikaa huko siku nyingi, mwalimu, na baada ya kutoka hakuweza kutembea mpaka juzijuzi."

"Labda nimechanganya siku."

"Labda," akasema.

Sikuwa nimechanganya. Stima ilipotea siku ile kwa sababu ya mawe, na nilitumia chaki kwa sababu stima ilipotea. Nadhani aliliona hilo usoni mwangu, kwa sababu aliinamisha kichwa akarudia kukanda, na hatukulizungumza tena.

Baada ya siku ile hatukuisikia tena sauti darasani. Wanafunzi walirudi kuenea kwenye viti, ingawa madawati mawili ya mwisho yaliendelea kubaki matupu. Mtihani ulipofika nikasahihisha karatasi zote, na hakuna hata mmoja aliyesahau ncha. Wengine walizikagua hata pale ambapo swali halikuwataka.

Mzee aliishi karibu mwaka mwingine. Nilizoea kumtembelea Jumamosi, nikichukua njia ya kijito. Hakunitambua hata mara moja. Kila mara nilijitambulisha upya kama mwalimu wa hesabu, na kila mara alifurahi upya. Tulikaa sebuleni, binti yake akipukuchua mahindi au akipasua kabeji, na mzee alikuwa akiandika kwa mkaa kwenye ubao wa mbao ambao binti alimtafutia. Alipenda ule ule mfululizo. Alikuwa akiudiferenshieti mara moja, halafu mara ya pili:

1/2 + 2x/3 + 3x²/4 + …

Halafu anafuta kila kitu kilichotangulia kwa kiganja, anabaki na huo wa mwisho, na kuanza kurudi kwa kuintegreti. Kipande kwa kipande, mkono wake ukiwa na uhakika ambao miguu yake ilikuwa imeupoteza: x juu ya mbili, x mraba juu ya tatu, x kwa kipeo cha tatu juu ya nne.

Siku moja alisimama hapo, mkaa ukiwa hewani mbele ya kipande cha kwanza.

"Hapa kulikuwa na namba," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Namba tupu, isiyo na x."

"Ndiyo. Ukidiferenshieti, hiyo huondoka. Hairudi kwa kuintegreti."

"Najua hairudi." Vipande vingine vyote alikuwa amevirudisha, kila kimoja mahali pake, na radiasi yake ilikuwa moja. Vyote hivyo aliweza kuvipata kwa kile alichokuwa nacho mkononi. Hicho kimoja hakikuandikwa popote tena. "Ilikuwa ngapi?" akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia ya kwenda kwao.

Kwa kawaida mwalimu hasemi. Unaandika herufi pale mbele, unasema ni namba isiyojulikana, unaendelea. Nilikuwa nikitafuta namna ya kumwambia hivyo, binti yake akainua macho kutoka kwenye mahindi.

"Si ulikuwepo alipoiandika?" akaniambia. "Mwambie."

"Ilikuwa moja, mwalimu," nikasema.

"Moja." Akaiandika. Ikakaa pale mbele ya vingine vyote, nene na nyeusi kuliko vyote, na mabega yake yakashuka. Alitabasamu. Halafu akainua macho, akatazama juu ya bega langu, kwenye pembe ya chumba nyuma yangu ambako kulikuwa na kiti kitupu na ukuta.

"Na wewe huko nyuma," akasema kwa upole, "umeandika?"

Sikugeuka. Nilimtazama yeye, nikaona macho yake yakisubiri kama mwalimu anavyosubiri, halafu akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyeonyeshwa jibu.

"Huwa anauliza hivyo," binti yake akasema.

Aliinuka kwenda jikoni. Nilisikia birika, nikasikia maziwa yakimiminwa. Alirudi na sinia, akampa baba yake kikombe, akanipa changu, akaweka chake kando ya mahindi. Kulikuwa na kimoja kimebaki. Alikichukua, akapita nyuma yangu, nikasikia kikigusa kiti pale pembeni. Akarudi akakaa, akachukua gunzi, akaendelea kupukuchua.

Tulikunywa chai. Tulizungumza habari za bei ya majani na ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, mzee akasinzia na mkaa mkononi. Nilipoaga nilimsaidia binti kukusanya vikombe, kama inavyotakiwa. Changu, cha mzee na chake. Kile cha nne nilimwachia yeye akiondoe, nikavaa gambuti zangu mlangoni na kushika njia ya kijito kabla ukungu haujapanda.